Mgawanyo wa mamlaka: anzia Ibara ya 94

"Nitaipanga vipi insha ya kutetea kuzipunguzia taasisi za serikali uwezo wa kuamua mambo, kwa hoja ya mgawanyo wa mamlaka?"

Dadangu, anzia Ibara ya 94 ya Katiba ya Kenya ya 2010. Mbali na Bunge, hakuna awezaye kutunga kanuni yenye nguvu ya sheria bila idhini ya Katiba au sheria, na sheria inayotoa idhini lazima itaje lengo, mipaka na vigezo. Uzito wa insha uuweke kwenye vigezo. Tuseme sheria inairuhusu taasisi ya bandarini Kilindini itoze ada "inayoona inafaa": hapo Bunge limegawa kalamu yake. Ikisema ada ifuate gharama ya kuhifadhi kontena, taasisi inajaza hesabu tu. Mpinzani atataja utaalamu. Mjibu kwamba mtaalamu apime gharama, lakini nani alipe liamuliwe na waliochaguliwa.