Usikubali drip ya glukosi nyumbani kwa mjamzito anayetapika hadi maji

Swali: "Wakuu, mke wangu ana mimba ya wiki 10, karibu mwezi mzima anatapika kila anachokula, na tangu juzi hata maji hayakai. Tuko Uvinza. Jirani mwenye duka la dawa atakuja jioni kumtundikia drip ya glukosi hapa nyumbani apate nguvu. Chupa ngapi zinatosha? Tangawizi je, inasaidia? Na ni kweli akitapika sana ni mtoto wa kike?"

Mkuu, mwambie huyo jirani abaki dukani kwake. Hata chupa moja usikubali. Nimesoma hapo kwenye "apate nguvu" nikahisi mkono unaniwasha palepale sindano ilipopita.

Mimi niko Kibirizi, mume wangu muuza dagaa. Piga picha mwenyewe: mimba ya kutapika ndani ya nyumba yenye magunia ya dagaa. Chekeni tu, sisi wenyewe tumeshacheka mpaka basi.

Mimba ile ilianza na kichefuchefu cha kila mtu. Asubuhi unatapika chai, saa nne unakula kiazi kinakaa, maji unakunywa, chooni unakwenda kama kawaida, maisha yanaendelea. Halafu ikabadilika. Maji yakawa yanarudi, mate yenyewe nayatema kwenye kopo usiku kucha. Mkojo ukawa haba na mweusi kama chai ya rangi, nikisimama naona giza. Nilipopanda mzani wa dagaa nikakuta kilo 53, na kabla ya mimba nilikuwa na 58. Daktari alikuja kutuambia baadaye kwamba ukishapoteza asilimia 5 ya uzito wako wa kabla ya mimba kwa kutapika, hiyo inaitwa haiparemesisi na ni ya hospitali. Kwangu mpaka ulikuwa kama kilo tatu. Nimeuvuka zamani, na shangazi wa mume wangu bado ananiambia, "Mimba ndivyo zilivyo, mwanangu, sisi tulilima nazo." Shikamoo shangazi, lakini hapana.

Sasa njoo kwa bwana wa duka la dawa. Koti jeupe, kalamu mbili mfukoni, hajanipima malaria, hajauliza nimekojoa lini. "Huyu kaishiwa nguvu, tumtie glukosi." Akaning'iniza chupa kwenye msumari wa pazia. Jioni ile nilijisikia nafuu, tukamsifu na kumlipa. Akarudi tena na tena, kila akija na chupa zake na bei yake.

Nguvu gani? Chupa ya nusu lita ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, yaani vijiko sita hivi vya chai. Soda moja ina zaidi ya hapo. Nafuu niliyoipata ilikuwa ya maji, na chumvi na potasiamu nilizokuwa nimezitapika hazikurudi hata chembe.

Na hilo ndilo dogo. Mwili unahitaji vitamini B1 ili uitumie sukari: sukari ni kuni, B1 ni kiberiti. Akiba ya B1 mwilini ni ya wiki chache tu, na sisi tunaoshindia ugali wa muhogo hata hiyo akiba yenyewe ni nyembamba. Mtu aliyetapika wiki tatu, nne, kiberiti kinakaribia kuisha. Ukimmiminia sukari kwenye mshipa, kile kilichobaki kinamalizwa kuishughulikia hiyo sukari, na ubongo ndio unaodhurika.

Kwangu ilianza na macho. Niliamka nikaona taa mbili pale ilipo moja. Nikadhani ni njaa. Nikaenda uani nikawa napepesuka, nashika ukuta. Mchana nikamwita mdogo wangu kwa jina la bibi yetu aliyekwisha kufariki, nikamuuliza mbona hajapika mgebuka. Hapo nyumba nzima ikajua nimerogwa. Tupo Kigoma, unategemea nini? Mganga alikuwa ameshatumiwa nauli.

Kilichoniokoa ni mume wangu kukataa na kunikimbiza hospitali, na kubeba zile chupa tupu kwenye mfuko wa rambo. Daktari kijana aliuliza kwanza, "Amewekewa drip gani?" Akazitazama chupa, akaniambia nifuate kidole chake kwa macho, macho yakawa yanacheza yenyewe. Akaagiza B1 ya kwenye mshipa kabla ya kitu kingine chochote, tena dozi kubwa, halafu ndipo drip ya chumvi yenye potasiamu na sindano za kuzuia kutapika. Ugonjwa wenyewe unaitwa Wernicke. Akatuambia dalili ni hizo tatu, macho, mwendo na akili kuchanganyika, na usizisubiri zote zitimie, moja inatosha kukimbia. Macho yalitulia upesi. Kutembea vizuri kulichukua miezi. Na kuna vipande vya mwaka ule sinavyo hadi leo, mume wangu ananisimulia kama habari za mtu mwingine. Ndiyo maana huwa namwambia deni lake silikumbuki.

Kwa hiyo mkuu, mkeo maji hayakai tangu juzi. Huyo hangoji jioni. Mjamzito asiyebakiza chakula wala maji kwa saa 24, au amekaa muda wa saa nane bila kukojoa, au mkojo ni mweusi, au anazimia akisimama, au anatapika damu, anapelekwa siku hiyohiyo. Homa au maumivu ya tumbo si ya kutapika kwa mimba, hapo kuna kingine, na huku kwetu malaria ipimwe, isikisiwe. Wampime mkojo, damu na potasiamu, wamfanyie na altrasaundi, maana mapacha na mimba zabibu huleta kutapika kwa namna hii.

Ukifika pale, sema wazi: "Ametapika karibu mwezi, hajapata B1." Wakileta chupa, soma lebo. Ya chumvi, endeleeni. Ikiwa ni glukosi au dekstrosi, au ile iliyochanganywa na chumvi, uliza kwa adabu, "Dokta, B1 ameshapata?" Kawaida ni miligramu 100 kabla ya glukosi, na ni dawa ya bei ndogo. Usione haya. Muuguzi mmoja alinikunjia uso kwa swali hilo kwenye mimba ya pili, akaenda kuuliza, akarudi na sindano. Kituo chenu kikiwa hakina, omba rufaa ya hospitali ya mkoa, Maweni, mapema, usiku barabara haikusubiri.

Njiani mpe maji ya ORS kijiko kimoja kimoja, akitapika pumzika kidogo kisha rudia. Na kama huyo jirani ameshamtundikia hata moja, beba chupa.

Halafu njoo utuambie alikojoa saa ngapi mara ya mwisho. Hayo mengine uliyouliza tutayaongea akishalazwa.