Ndege wageni na njia yao

"Hawa mbayuwayu wanaojaa kwenye nyaya za umeme hapa Kirumba wanatoka Ulaya bila ramani. Njia wanaijuaje?"

Ndugu, mzee wa mwalo aliyesema wachanga hufuata wakubwa kapatia nusu: kwa korongo ni kweli. Lakini ndege wengi wachanga huzaliwa na mwelekeo, wakiushika kwa jua, nyota na usumaku wa dunia.

Mwelekeo peke yake hautoshi. Mtafiti Perdeck alinasa kwezi zaidi ya 10,000 Uholanzi, wakiwa safarini kuelekea Uingereza na kaskazini mwa Ufaransa, akawavisha pete miguuni na kuwaachia Uswisi. Matokeo aliyatoa 1958. Wachanga waliendelea kusini-magharibi vilevile, wakaishia kusini mwa Ufaransa na Hispania. Wakubwa, waliokwisha kusafiri, waligeukia kaskazini-magharibi wakarudi kwao pa kawaida! Kwa hiyo mkubwa hujua pia yuko wapi.

Anajuaje? Hapo wataalamu bado wanabishana: wengine wanasema usumaku, wengine harufu.

Dada uliyeuliza kama furukombe wa kisiwa cha Saanane naye husafiri, huyo ni mwenyeji, yuko Ziwa Victoria mwaka mzima.