Ng'ombe wa kaka, ndoa ya dada: maswali yenu kuhusu mahari

Safari iliyopita niligusia mahari kwa mistari mitatu tu, nikaletewa barua za wiki nzima. Nimechagua nne. Mbili nimezijibu kwa kifupi, moja imenichukua muda kuliko zote.

Naoa Novemba. Wakwe wa Mvumi wametaja ng'ombe kumi na mbuzi sita, na rafiki zangu wananicheka kwamba nanunua mke. Kweli nanunua?
*Kijana wa Nkuhungu, Dodoma*

Nenda mnadani Msalato ukanunue mbuzi. Ukishahesabu hela, wewe na muuzaji kila mtu na njia yake. Mbuzi utamchinja, utamuuza au utamgawia jirani, na aliyekuuzia hana la kusema. Mahari haiendi hivyo. Nimekaa vikao vya posa vya kutosha, mara kadhaa nikiwa mshenga, na karibu vyote huisha na deni. Kwenye daftari huandikwa "ng'ombe 8 wamepokelewa, 2 deni", kisha watu wanakula wali na hakuna anayeharakisha hao wawili. Mkwe akimaliza zote siku moja, wazee hununa kidogo, kana kwamba anataka kuagana nao.

Kwa sababu kama hizo, Mwingereza Evans-Pritchard, aliyesomea mila za watu wa Afrika, mwaka 1931 alipendekeza wenzake waache kuandika kwamba Waafrika wanatoa "bei" ya mke. Kwenye jamii zinazohesabu ukoo kwa baba, na Wagogo wamo, kinachohama pamoja na ng'ombe ni zaidi haki juu ya watoto: wataitwa wa ukoo upi, watarithi wapi. Mwanamke mwenyewe anabaki na kwao, ana baba, kaka na mjomba wanaoweza kuja kuuliza kulikoni.

Hoja hiyo ni nzuri, lakini isikulaze usingizi. Inaeleza wazee walikusudia nini. Haielezi binti anapata nini. Mshenga mwenzangu mmoja alizoea kufungua kikao kwa kusema, "Tumesikia hapa kuna mtamba." Mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa. Sebule nzima ilicheka, na binti alikuwa chumba cha pili, pazia tu katikati. Mwanafalsafa Mjerumani Kant aliandika mwaka 1785 kwamba chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine cha thamani ileile, ilhali mtu hana wa kuwekwa mahali pake. Kwa kipimo hicho, idadi ya ng'ombe siyo tatizo lako kubwa. Muulize mchumba wako, mkiwa wawili tu: akibadili mawazo Oktoba, kwao watamwachia? Akisita kujibu, hapo pana jambo zito kuliko hao mbuzi sita.

Mume wangu ananipiga na akimaliza anasema "nimekulipia". Nilirudi kwetu Kongwa na watoto wawili, baba akaniambia rudi kwako, ng'ombe hawapo. Sasa mimi ni mali ya nani?
*Mama wa watoto wawili*

Dada yangu, kwanza la haraka. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Hakuna nyongeza ya "isipokuwa aliyelipa". Nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, wakupe fomu ya PF3 kabla majeraha hayajapona, maana daktari anajaza anachokiona siku hiyo.

Sasa ng'ombe. Kwenye barua yako ndefu umeniandikia hesabu yao, na nimeisoma mara mbili kwa sababu ndiyo yenye jibu. Walitolewa wanane. Watano baba yako aliwapeleka kumwolea kaka yako. Wawili waliuzwa, zikanunuliwa bati na zikalipwa ada za mdogo wako. Mmoja alikufa mwaka wa ukame. Kwa hiyo baba aliposema hawapo hakuwa anakudanganya. Ili mumeo arudishiwe wanane, inabidi ama ndoa ya kaka yako itikiswe, ama paa lishuke. Ndoa yako imebeba ndoa ya kaka yako mgongoni, na yeye huenda hajui.

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaosema mahari ni zawadi tu. Zawadi haidaiwi. Kama mlango wa kutokea umefungwa kwa ng'ombe wanane, wewe hukununuliwa siku ya harusi, lakini leo umewekwa rehani. Mwenye hoja ya matokeo, yaani anayepima jambo kwa maumivu na nafuu linayoleta, hana haja ya kubishana juu ya neno "kununua". Atakuonyesha tu kwamba baba, kaka, shangazi, wote wanaokupenda, wana sababu ya mfukoni ya kukurudisha kwa anayekupiga. Si kwamba wana roho mbaya. Mpango mzima uliwaweka upande huo.

Kwa wazee, kurudisha mahari kulikuwa breki: kuliwafanya wakwe wa pande zote wahangaike kusuluhisha kabla ndoa haijavunjika. Naamini wakati mwingine ilifanya kazi. Ila breki hiyo inamkaba mmoja tu. Mume akiondoka hakuna anayemdai chochote kwa miaka ya mke aliyopika, kulima na kuzaa.

Majirani zetu Uganda walifika mahakamani kwa swali hilihili. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya huko, kwenye shauri la shirika la MIFUMI, ilikataa kuipiga marufuku mahari yenyewe, lakini ikasema desturi ya kudai irudishwe ili ndoa ivunjike inakiuka katiba, kwa sababu inaushusha utu wa mwanamke na kumnyima usawa ndani ya ndoa. Naona walikata mahali penyewe.

Kwetu mambo yamegawanyika. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 279, zina taratibu za kurudisha mahari, zikiangalia nani mwenye kosa na kama kuna watoto. Wazee wengi wanazijua hizo bila kuwahi kuziona kwenye karatasi. Lakini talaka inatolewa na mahakama chini ya Sheria ya Ndoa, na kinachotazamwa ni kama ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka. Hakuna hakimu atakayekuuliza kwanza ng'ombe wako wapi. Kwa kawaida utaanzia kwenye bodi ya usuluhishi, ikishindwa itakupa hati, na hati hiyo ndiyo unayoingia nayo mahakamani. Huko pia mali mlizochuma mtagawana. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inahesabu kazi za nyumbani kuwa mchango.

Mumeo akidai ng'ombe, adai kivyake, kwa baba yako. Hilo ni shauri lingine. Wewe si risiti yake.

Mwite kaka yako. Usimlaumu, mweleze tu hesabu ya wale watano. Nimewahi kuona kaka aliyeelezwa hivyo akampa dada yake chumba kabla mzee hajamaliza kukohoa.

Nimemsomesha binti yangu mpaka akamaliza UDOM. Nikitaja milioni nane watu wanasema nauza mtoto. Hizo ada alilipa nani?
*Mzee wa Bahi*

Ulilipa wewe, mzee wangu, na shikamoo yako iko palepale. Lakini ukiunganisha ada na mahari, wewe mwenyewe ndiye unayeigeuza bei. Chukua hesabu hiyo uifuate mpaka mwisho. Mdogo wake aliyeishia darasa la saba atakuwa wa bei chini, kwa kuwa hukumtumia kitu. Na kaka yao, ambaye naye umemsomesha, nani atakurudishia? Kumbe ada ya mvulana ni malezi, ya msichana ni mtaji. Wanaotetea usawa wa wanawake hawahitaji hoja nyingine zaidi ya hiyo.

Wazee waliotutangulia walitaja vitu vyenye maelezo. Mkaja ni kitambaa alichofungwa mama tumboni baada ya kujifungua, na kumpa mama mkaja ni kumwambia tunajua ulipotokea huyu. Hakuna mkaja wa shahada. Tena mkwe akikopa hizo milioni nane, anayelipa deni ni binti yako, kwa miaka mitatu ya kula dagaa. Kikao kilichokaa vizuri kinaweza kukupa heshima yako kwa chini ya nusu ya hiyo, na mwanao akaanza maisha bila mkopo.

Mimi ni mtumishi hapa Kisasa, mzaliwa wa Kondoa. Mahari kwa Uislamu ni yangu, lakini wajomba nao wana orodha yao. Nilitaka nikatae vyote niolewe bure, mama analia.
*Binti wa Kirangi*

Tatizo kubwa hapa ni neno. Tunaita mahari vitu viwili ambavyo havifanani. Ile ya Qur'ani, sura ya Annisaa aya ya 4, inasema wapewe wanawake mahari yao. Ni wewe unayeitaja, wewe unayeipokea, na isipolipwa inabaki deni kwa mume, akudai nani tena? Huwezi kusema mtu amenunuliwa kwa fedha aliyoipokea mwenyewe. Ya wajomba ni desturi ya ukoo, ni mambo mengine kabisa, hata kama imeandikwa ukurasa mmoja na ya kwanza. Kwa hiyo usiikatae ya kwanza. Hiyo ni haki yako, na mimi ningekushauri uitaje kitu kinachokaa, kiwanja au fedha ya kueleweka, badala ya kutaja msahafu na juzuu kwa kuona haya.

Mama analilia neno "bure". Kiswahili chetu kinalitumia kwa kisicholipiwa na kwa kisicho na maana, na yeye amelisikia hilo la pili. Anaona majirani watasema umekwenda kama usiye na kwenu. Usimdharau. Kijijini, kikao cha posa ndicho kinachofanya watu arobaini wajue umeolewa wapi na kwa nani, na siku ukipata shida ndio hao watakaoitwa. Sheria haihitaji, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ndoa kinasema ndoa haibatiliki kwa kukosa mahari ya mila. Lakini mama hasomi kifungu.

Kwa hiyo mwachie kikao, upunguze orodha. Shuka la bibi, kilemba cha mjomba, mkaja wa mama, vitu vya kubebeka kwenye bajaji moja. Ng'ombe wasiwepo. Kisha mpe mshenga mstari mmoja auandike chini ya daftari, pande zote mbili waweke dole gumba: vilivyopokelewa leo ni shukrani, havitadaiwa, yeyote kati yao akiondoka. Mjomba mmoja atabisha. Huyo atakayebisha mkumbuke jina.