Pimeni zawadi kwa ndege ya mwisho

"Tunarudi nyumbani wanne baada ya miaka sita. Kila mmoja karuhusiwa mabegi mawili ya kilo 23. Zawadi za ndugu wote tuzipangeje?"

Dada, kabla hujanunua hata shati, tazama kipande cha mwisho cha safari. Kama ndege ya ndani mmeikatia tiketi ya peke yake, ruhusa ya kilo 46 kwa kila mtu inaishia mtakapotua. Ndege ndogo nyingi hutoa kilo 15 au 20 tu.

Tuseme ni 20. Mna kilo 80, si 184. Mabegi manne matupu yanakula kama 16, nguo zenu 32, na ukoo mzima unabakiwa na 32. Sisi tulilijua hilo kaunta, mabegi yamefunguliwa sakafuni, tukalipia kilo za ziada kwa hela tuliyowatengea wazee.

Kama hamjakata, ombeni safari nzima iwe tiketi moja, na msome kiwango cha mizigo kilichoandikwa kwenye kila kipande. Kama mmeshakata, wazee wapeni pesa, watoto vitu vyepesi. Pesa igaweni mapema kwenye bahasha zenye majina, zikae mkoba wa mkononi pamoja na pawabenki, ambayo hairuhusiwi kwenye begi la kupakiwa.

Wekeni na bahasha tatu zisizo na jina. Kuna binamu atatokea mlangoni ambaye hakuna aliyemkumbuka, na kuanza kuchakura begi mbele yake ni aibu.