Kurasa 84 za kutafsiri, nimjibu nini mteja?

"Nimetumiwa mwongozo wa kurasa 84 nitafsiri kwa Kiswahili. Mteja anauliza utakuwa tayari lini. Sijui nimwambie nini, naogopa atampa mwingine."

Ndugu yangu, mjibu leo hii, ila usitaje tarehe bado. Andika hivi: "Nimepokea faili, kurasa 84, na linafunguka vizuri. Napitia leo, kesho saa nne asubuhi nitakupa tarehe kamili." Anachoogopa mteja ni kimya.

Usiku huo hesabu maneno, maana kurasa hudanganya: moja ina picha tupu, nyingine jedwali la kukutoa jasho. Kisha chukua ukurasa mgumu wa katikati, utafsiri huku unatazama saa. Tuseme faili lina maneno 25,200 na kasi yako ni 1,800 kwa siku. Hizo ni siku 14. Ongeza tatu za kusoma upya, zinakuwa 17 za kazi, yaani wiki tatu na nusu hivi. Mimi niliwahi kusahau hizo tatu, nikakesha, na bado istilahi moja ikatoka kwa majina mawili.

Kesho mpe tarehe hiyo, na umwahidi sura ya kwanza baada ya siku nne. Akikataa msamiati wako, utarekebisha kurasa za sura hiyo tu, tuseme 15, badala ya 84.

Akitaka wiki moja, mwambie itabidi mgawane na wenzako kadhaa na mhariri mmoja aoanishe, na bei ipande. Kama mwongozo ni wa dawa au mkataba, mtaalamu wa fani hiyo lazima aupitie. Siku zake zihesabu pia.