"Everyday" au "every day"? Soma hapa kabla hujaprinti bango

Nadizaini na kuprinti mabango na menyu hapa Mwanjelwa, Mbeya, na karibu kila mteja anayeleta maandishi ya Kiingereza huwa ameandika "OPEN EVERYDAY", saluni, famasi, gesti, wote. Mimi huwa siprinti mpaka tumeongea kwanza, maana bango likishatundikwa linakaa miaka na kompyuta nayo haikusaidii hapo, haipigi ule mstari mwekundu kwa sababu "everyday" ni neno halali kabisa, ila limekaa sehemu siyo yake.

Iko hivi. "Every day" ya maneno mawili inajibu swali la lini au mara ngapi. Mnafungua lini? Kila siku. Basi ni "open every day". "Everyday" ya neno moja ni kivumishi, inasifia kitu na maana yake ni cha kawaida, kisicho cha sherehe: "everyday clothes" ni zile nguo za kushindia, "everyday life" ni maisha yetu haya ya kawaida.

Wengi wanatumia kipimo cha kuangalia kama kwa Kiswahili ungesema "ya kila siku", wanasema ukiona "ya" basi unganisha. Kinasaidia ila kina shimo. "Ripoti ya kila siku" ni ripoti inayotoka kila siku, hiyo Kiingereza chake ni "daily report", ukiandika "everyday report" umesema ripoti ya kawaida tu. Kwa hiyo mimi napima kwa neno "kawaida". Ukiweka "wa kawaida, za kawaida" na sentensi bado inasema ulichotaka kusema, unganisha. Ikiharibika, tenganisha. Na kama bado una wasiwasi chomeka "single" katikati, "open every single day" inakubali vizuri, "every single day clothes" haikubali.

Juzi kati kaja mama mmoja ana gesti kule Tukuyu, anataka tangazo la kubandika vyumbani. Kaandika hivi:

Hot water everyday. Every day prices. We don't accept cash any more. Ask reception if you need anymore blankets.

Tukaanza nayo moja moja. Maji ya moto yanapatikana lini? Kila siku, kwa hiyo "Hot water every day". Bei nikamuuliza, mama, hapa unamaanisha bei inabadilika kila siku? Akasema hapana mwanangu, ni bei zangu za kawaida, hata wageni wakiwa wengi sipandishi. Basi hiyo ndo neno moja, "Everyday prices". Yaani alikuwa amezigeuza zote mbili!

Zikabaki zile mbili za chini, na hapa ndo watu wengi wanabishana bila kujua kwamba kuna pande mbili. Kama unamaanisha "tena", kwamba jambo lilikuwepo na sasa halipo, Waingereza kwa desturi wanaandika "any more" maneno mawili, Wamarekani wanaandika "anymore" neno moja, na siku hizi hata Uingereza hiyo ya neno moja inazidi kuonekana. Kwa hiyo "We don't accept cash any more" ilikuwa sawa, na ingekuwa "anymore" ingekuwa sawa pia. Shuleni kwetu tumefundishwa Kiingereza cha Uingereza, ndo maana mimi naacha mbili, muhimu ni usichanganye kwenye karatasi moja.

Ila mablanketi ni habari nyingine kabisa. Pale hasemi "tena", anasema "zaidi", idadi ya kuongeza, na Tukuyu mwezi wa saba ile baridi mgeni ataomba kweli. Ikiwa ni kiasi au idadi, ni "any more" maneno mawili, Uingereza na Marekani kote, haina mjadala. Ndo maana "anymore blankets" lazima irekebishwe. Dalili yake ni rahisi kuiona: baada ya "any more" kuna kitu kinachohesabiwa au kupimwa kimefuata, blanketi, chai, sukari.

Lakini kwenye "every day" msitumie dalili hiyo ya kitu kufuata, itawadanganya. Angalia "Every day guests ask for tea", neno "guests" limefuata pale pale na bado ni maneno mawili, maana unasema kila siku wageni wanaomba chai. Ukiunganisha wanakuwa wageni wa kawaida, kama vile una wageni wa aina nyingine wasioomba chai. Mimi hapo huwa nahamishia mwishoni tu, "Guests ask for tea every day", utata unaisha.

Na wale mnaotuma maandishi kutoka kwenye simu, angalieni kibodi imewekwa "English (US)" au "English (UK)", maana ikiwa ya Marekani inaweza kukupendekezea "anymore" hata pale kwenye mablanketi, na ukigusa tu imeshaingia.