Kituruki: Tazama Irabu ya Mwisho Tu

Mwezi wangu wa tatu Uturuki nilimwambia mama mwenye nyumba kwamba kaka yangu amekuwa daktari. Angalau ndivyo nilivyodhani. Nilisema *Abim doktor öldü*. Akaweka chini birika la chai, akanishika mkono, akasema *Başın sağ olsun*, maneno ambayo Waturuki humwambia mfiwa. Nilipaswa kusema *oldu*, "amekuwa". *Öldü* ni "amekufa".

Baadaye, aibu ilipopoa, niligundua jambo. Mzizi nilikuwa nimeukosea, lakini kiambishi nilikipatia. Baada ya *ol-* huja *-du*, na baada ya *öl-* huja *-dü*. Mdomo wangu ulishaanza kufuata kanuni ambayo daftarini bado ilikuwa inanichanganya.

Wala si ajabu, kwa sababu sisi Waswahili tuna kanuni ya namna hiyo na hatuifikirii. Tunasema *pikia, katia, fungia*, lakini *somea* na *letea*. Hakuna anayesema *somia*. Irabu ya mzizi ikiwa *e* au *o*, kiambishi huwa *-e-*. Ikiwa *a*, *i* au *u*, huwa *-i-*. Waturuki wameichukua tabia hiyo wakaisambaza karibu katika viambishi vyao vyote.

Kituruki kina irabu nane. Waturuki wenyewe huziita nene na nyembamba. Nene ni *a, ı, o, u*, ambazo ulimi huziundia nyuma ya kinywa. Nyembamba ni *e, i, ö, ü*, ambazo ulimi huja mbele. Tatu ni ngeni kwetu. Ili upate *ü*, tamka *i* huku midomo umeiviringa kama ya *u*. Kwa *ö*, tamka *e* kwa midomo ya *o*. Kwa *ı*, ile isiyo na nukta, tamka *u* lakini midomo uitandaze kama unatabasamu. Usiidharau nukta: *sınır* ni mpaka, *sinir* ni neva.

Viambishi navyo viko vya aina mbili. Aina ya kwanza ina sura mbili tu, yenye *a* na yenye *e*. Irabu iliyotangulia ikiwa nene unatia *a*, ikiwa nyembamba unatia *e*. Wingi ni hivyo: *yollar*, njia, *evler*, nyumba. Aina ya pili ina sura nne: baada ya *a* au *ı* unatia *ı*, baada ya *e* au *i* unatia *i*, baada ya *o* au *u* unatia *u*, baada ya *ö* au *ü* unatia *ü*. "Yangu" ni ya aina hii: *arabam*, gari langu, haihitaji irabu kwa sababu neno linaishia na irabu tayari, lakini utasema *kızım*, binti yangu, *evim*, nyumba yangu, *okulum*, shule yangu, *gözüm*, jicho langu.

Hapa ndipo wengi wetu darasani tulipokwama, nami nikiwa wa kwanza. Tulidhani mzizi ndio unaotawala neno zima. Hautawali. Kila kiambishi humsikiliza jirani yake wa kushoto tu, na kikishakaa, chenyewe kinakuwa jirani wa kinachofuata.

Chukua tangazo utakalolisikia kwenye viwanja vya ndege: *Sayın yolcularımız*, waheshimiwa abiria wetu. Tulijenge neno hilo, kisha tulirefushe hatua moja.

```
yol
yol-cu
yol-cu-lar
yol-cu-lar-ımız
yol-cu-lar-ımız-dan
```

*Yol* ni njia. Kiambishi cha mtu wa kazi au shughuli fulani kina sura nne, na irabu ya mwisho ni *o*, kwa hiyo ni *-cu*: *yolcu*, msafiri, abiria. Sasa wingi, wenye sura mbili. Irabu ya mwisho ni *u*, nene, basi *-lar*. Halafu "wetu", chenye sura nne. Hapa mimi niliandika *yolcularumuz*, kwa sababu masikio yangu yalikuwa bado yamejaa *o* na *u* za mwanzo. Mwalimu alifunika *yolcul* kwa kidole gumba, akaacha *ar* peke yake, akauliza: baada ya *a* kinakuja nini? *I* isiyo na nukta. Ndiyo maana ni *-ımız*. Mwisho "kutoka kwa", chenye sura mbili: irabu iliyotangulia ni *ı*, nene, basi *-dan*. *Yolcularımızdan*, kutoka kwa abiria wetu.

Mpangilio wenyewe haubadiliki: nomino, wingi, mwenye mali, kisha mahali au mwelekeo. Ukilianza neno kutoka kulia kwa kutafsiri "kutoka kwa" kwanza, kama Kiswahili kinavyokushawishi, utapotea. Anza na mzizi, uongeze tofali moja moja, na kila mara kidole gumba kifunike yaliyopita.

Jaribu upande mwembamba: *göz*, jicho; *gözlük*, miwani; *gözlükçü*, muuza miwani; *gözlükçüler*; *gözlükçülerimiz*; *gözlükçülerimizden*. Angalia jinsi *ü* zilivyopanga mstari, kisha *-ler* ikaukata na baada yake kukaja *i*.

Umeona pia *-cu* imekuwa *-çü*. Konsonanti nazo zina adabu zao. Neno likiishia na sauti kavu kama *p, t, k, ç, s, ş, f* au *h*, basi *d* ya kiambishi hugeuka *t* na *c* hugeuka *ç*: *evde*, nyumbani, lakini *kitapta*, kitabuni. Kinyume chake, kiambishi kinachoanza na irabu mara nyingi huilainisha *p*: *kitap*, lakini *kitabım*, kitabu changu. Hapa Mswahili ana bahati. Maneno mengi ya aina hii tumeyachukua sote kutoka Kiarabu, na sisi tuliihifadhi *b* kwa kutia *u* mwishoni. Kitabu, hesabu, sababu, adabu: *kitabı, hesabı, sebebi, edebi*. Ukisita kuhusu *p* ya mwisho, uliza Kiswahili chako.

Kuna viambishi vichache visivyomsikiliza jirani. Muhimu kwa anayeanza ni *-yor* cha wakati uliopo. *O* yake haibadiliki kamwe, lakini vinavyoifuata vinaitii: *geliyorum*, ninakuja, *geliyorlar*, wanakuja. *Gel-* ni nyembamba, *-lar* ni nene, na neno ni sahihi kabisa.

Halafu yako maneno ya kigeni yanayovunja kanuni. *Saat*, saa, ina *a* mwishoni, lakini wingi wake ni *saatler*. *Kalp*, moyo, ni *kalbim*. *Gol* la mpira ni *goller*. Kwa hayo kidole gumba hakisaidii. Fungua kamusi ya Türk Dil Kurumu na utazame kimkia kilichoandikwa kando ya neno. Kwa *kitap* utakuta *-bı*: *p* inalainika, na irabu ni nene kama ulivyotarajia. Kwa *saat* utakuta *-ti*. Hiyo *i* yenye nukta, mahali ulipotarajia *ı*, ndiyo inayokuambia kwamba neno hili, lijapokuwa na *a*, hufuatwa na viambishi vyembamba.